Kukadiria ukuzaji wa transista kwa rezista mbili, kisha kuuhakiki kwa mita tu

Assalaam alaykum. Juzi kijana mmoja hapa Chake aliniletea kipaza kidogo alichokifunga kwenye udi. Sauti ilikuwa ndogo, amplifaya ya spika haiisikii. Akaniuliza: "Maalim, nitajuaje transista moja itaikuza mara ngapi, na mimi sina osiloskopu?" Nikamwambia osiloskopu haihitajiki. Kwa sakiti hii, mita ya kawaida na rezista moja ya ziada zinatosha.

Tunazungumzia transista iliyowekwa kwa mtindo wa emita ya pamoja, yenye rezista kwenye emita ambayo haikufunikwa na kapasita. Hilo la kapasita lishikeni, ndilo roho ya somo.

Kwanza, ijenge. Nimetumia BC547 na adapta ya ruta iliyokuwa ikitoa volti 12 sawasawa. Kutoka volti 12 kwenda kolekta kuna rezista ya kilo-omu 10, tuiite Rc. Kutoka emita kwenda ardhini kuna kilo-omu 1, ndiyo Re. Beisi inapata umeme wake kwenye mgawanyo wa rezista mbili: kilo-omu 100 juu na kilo-omu 10 chini. Ishara inaingia kwenye beisi kupitia kapasita ya mikrofaradi 1, na inatoka kwenye kolekta kupitia ya mikrofaradi 10.

Pili, pima ikiwa imetulia, bila ishara yoyote. Mimi nilipata beisi 1.071, emita 0.45, kolekta 7.51. Emita ina volti 0.45 juu ya kilo-omu 1, kwa hiyo mkondo ni miliampia 0.45. Mkondo huohuo, ukiacha kidogo cha beisi, unapita Rc na kuangusha volti 4.5, na 12 ukitoa 4.5 ni 7.5. Hesabu imekubaliana na mita, basi transista iko hai. Kama kolekta inasoma 12 kamili, mkondo haupiti kabisa. Kama imelala karibu na volti za emita, transista imeshiba na haiwezi kukuza chochote.

Tatu, kadiria. Beisi ikipanda kidogo, emita inapanda nayo karibu kiasi kilekile, kwa sababu zile volti 0.6 baina yao hazibadiliki sana. Emita ikipanda volti 0.1, mkondo ndani ya Re unaongezeka miliampia 0.1. Nyongeza hiyo haina pa kutokea ila kupitia Rc, na kwenye kilo-omu 10 miliampia 0.1 ni volti 1. Kwa hiyo beisi imepanda 0.1, kolekta imeshuka 1. Ukuzaji ni mara 10, na ile alama ya kutoa inasema tu kwamba ishara imegeuzwa juu chini:

```
A ≈ -Rc / Re
```

Tazameni, mahesabu hayakugusa beta ya transista hata mara moja. Ndiyo maana naipenda sakiti hii: ukichomoa BC547 moja ukachomeka nyengine, jibu ni lilelile.

Nimesema "karibu kiasi kilekile" kwa sababu emita ina ukinzani wake mdogo wa ndani, re. Unaupata kwa kugawa 25 kwa miliampia zinazopita. Hapa 25 kwa 0.45 ni kama omu 56, unaongezwa kwenye Re:

```
A ≈ -Rc / (Re + re) = -10000 / 1056 ≈ -9.5
```

Nne, hakiki. Kwa vile Re haina kapasita, sakiti inakuza badiliko la polepole sawa na inavyokuza sauti. Basi tulitikise sisi wenyewe. Chukua rezista ya mega-omu 1 (kahawia, nyeusi, kijani) uiweke sambamba na ile ya kilo-omu 100 ya juu. Beisi itapanda kidogo, nawe usome tena. Pima beisi kwenye renji ya volti 2 ili uone milivolti.

Kwangu beisi ilitoka 1.071 ikafika 1.165, yaani imepanda 0.094. Kolekta ilitoka 7.51 ikashuka hadi 6.63, yaani 0.88. Gawa 0.88 kwa 0.094 upate 9.4. Tulikadiria 9.5. Kwa rezista za asilimia 5 za dukani, zaidi ya hapo ni uroho.

Kabla ya hapo, usiku mmoja taa hafifu, nilichomeka omu 100 mahali pa kilo-omu 1. Michirizi inatofautiana mmoja tu, wa tatu kahawia badala ya mwekundu. Kolekta ikasoma 0.2, na nilipoiweka ile mega-omu haikutikisika hata kidogo. Kolekta isiyotikisika ndiyo dalili ya transista iliyoshiba.

Maswali ya wanachama

*Wa Wete:* Maalim, nimeunganisha kwenye amplifaya yangu ukuzaji umekuwa nusu. Transista mbovu?

Transista nzima. Bila shaka mlango wa amplifaya yako una kama kilo-omu 10. Kwa ishara, mlango huo umekaa sambamba na Rc, na kumi sambamba na kumi ni tano. Gawa 5000 kwa 1056 upate 4.7. Kwenye kanuni weka Rc pamoja na mzigo, si Rc pekee. Dawa yake ni kuweka transista ya pili katikati, ishara itolewe kwenye emita yake.

*Wa Mkoani:* Sauti ikiwa kubwa inakwaruza. Mwisho wake wapi?

Kolekta imekaa 7.5, na juu haiwezi kupita 12. Ina nafasi ya volti 4.5 tu kwenda juu, ila chini ina zaidi ya 6. Kwa hiyo kilele cha juu kinakatwa kwanza, pale ishara kwenye beisi inapozidi kama volti 0.45 kutoka katikati. Kipaza cha udi hakifiki huko. Simu ikifunguliwa sauti yote inafika.

*Wa Unguja, Kwahani:* Nataka mara 60. Nipunguze Re iwe omu 150?

Hapana, mkondo utapanda na transista itashiba, kama yangu ya usiku ule. Igawe Re vipande viwili mfululizo: omu 100 upande wa emita, omu 910 chini yake, na kapasita ya mikrofaradi 100 ifunike hiyo 910 peke yake. Mkondo uliotulia haubadiliki, lakini ishara inaiona omu 100 tu: 10000 kwa 156, kama mara 64. Ila sasa re ni zaidi ya theluthi ya hesabu, na inabadilika na mkondo, kwa hiyo usitegemee usahihi ule wa mwanzo.

*Wa Kwahani tena:* Nimefanya hivyo, nikapima kwa mega-omu, mita inasema bado 9.4!

Na itasema hivyo mpaka kesho. Kapasita haipitishi badiliko linalosimama. Kwa mita yako zile 100 na 910 zote bado zipo. Njia ya mega-omu inafaa tu pale Re isipofunikwa. Hapo sasa utahitaji sauti ya simu, tuseme hezi 200, na mita inayosoma milivolti za AC: pima kwenye beisi, pima kwenye kolekta, gawa.