SOMO: Maua na matunda machanga yanapukutika yenyewe au ni chule? Namna ya kutofautisha kwenye mwembe na mkorosho kabla hujapulizia

Swali la "maua yanaanguka, nipulizie nini" limejibiwa hapa mara nyingi mno, na majibu yametawanyika hadi mengine yanapingana. Nimeona niyaweke mahali pamoja. Fuata hatua hizi kwanza, kisha njoo na ulichokiona.

Kwanza tuelewane kwamba mti kuangusha maua ni kawaida yake. Shada moja la mwembe lina maua mamia hadi maelfu, na mengi ni madume yasiyoweza kuzaa. Yakishamwaga chavua hukauka na kuanguka. Hata yaliyoshika tunda, mengi huachwa yakiwa na ukubwa kati ya kichwa cha pini na gololi. Shada likibaki na embe moja au mbili, halijafanya vibaya. Mkorosho nao hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo maua yaliyotapakaa chini hayakuambii kitu kuhusu ugonjwa. Ugonjwa unasomwa juu, kwenye shada.

Hatua ya 1. Funga uzi kwenye mashada 12, matatu kila upande wa mti, mengine ya chini na mengine ya juu kadiri unavyofikia. Usichague mabaya tu.

Hatua ya 2. Pitisha kidole kilicholowa kwenye shada. Unga mweupe ukitoka, huo ni ubwiriunga, na somo hili si lako. Weusi ukifutika na kidole kikanata, hayo ni masizi yaliyoota juu ya utamu unaoachwa na wadudu wafyonzao. Weusi usiofutika ndio wa kuendelea nao.

Hatua ya 3. Angalia mhimili wa shada na vijitawi vyake. Kwenye mpukutiko wa kawaida mhimili ni mzima, wa kijani au mwekundu kidogo, na mahali ua lilipotoka pana kovu dogo kavu. Chule huanza kwa nukta nyeusi ndogo sana kwenye maua na vikonyo. Nukta hutanuka, huungana na kuwa mabaka marefu, na sehemu iliyo mbele ya baka kuelekea nchani hunyauka na kukauka ikiwa nyeusi. Maua yaliyokufa kwa chule mara nyingi hubaki yamening'inia.

Usiamue kwa rangi peke yake. Shada lililoangusha matunda yake yote hukauka lenyewe baada ya muda, lote kwa pamoja, likiwa la kahawia, kisha huanguka. Unachotafuta ni mpaka: weusi upande mmoja, kijani kibichi upande wa pili, kwenye kikonyo kile kile.

Hatua ya 4. Okota matunda machanga 20 yaliyoanguka leo. Tazama kwanza mahali pa kuachana na kikonyo. Mti ukiliachia tunda wenyewe hukata kwenye kiungo, na kovu huwa safi na bapa. Kisha pasua tunda kwa urefu. Katika mpukutiko wa kawaida ngozi ni ya kijani au imeanza manjano, nyama ni nyeupe, lakini kiini cha mbegu kimesinyaa na kuwa kahawia, yaani kifo kimeanzia ndani. Katika chule weusi umeanzia kwenye ngozi unaingia ndani, na kiini kinaweza kuwa bado kizima.

Hatua ya 5. Kipimo cha mkebe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma yote.

Kata vipande vitano vya kikonyo vyenye urefu wa sentimita 2 hadi 3, kila kimoja kikiwa na mpaka wa baka katikati, nusu nyeusi na nusu kijani. Changanya kipimo 1 cha dawa ya kung'arisha nguo na vipimo 9 vya maji, tumbukiza vipande kwa dakika moja, kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Tandika karatasi ya shashi kwenye mkebe wenye mfuniko, ilowanishe kisha imwage maji, ibaki na unyevu tu. Panga vipande visigusane, funika, weka kivulini ndani ya nyumba. Angalia kila siku kuanzia siku ya pili hadi ya tano, kwa lenzi ya kukuza mara 10 kama unayo. Ukiona vijitone vinavyonata, vya rangi ya waridi inayoelekea chungwa, vimetokeza juu ya baka, ni mbegu za kuvu wa chule.

Maonyo:

- Usiweke vitu vilivyookotwa chini. Kuvu wa chule hujificha hata kwenye tunda lisilo na doa, na tunda likishakufa huchomoza. Embe changa lililoanguka kwa sababu zake litakupa vijitone vile vile, nawe utahukumu mti bure. Ndiyo maana kipande lazima kiwe na nusu hai.
- Maji yakituama mkebeni utapata manyoya ya kijivu, meusi au ya kijani. Hao ni kuvu wa uozo tu na hawathibitishi chochote. Rudia.
- Weka na vipande viwili kutoka shada zima la mti huo huo. Navyo vikitoa vijitone siku ile ile, kipimo hakina maana; rudi hatua ya 3 na 4.
- Usiruke kusafisha, na usizidishe dakika.

Hatua ya 6. Linganisha na hali ya hewa. Chule husafiri kwa matone ya maji na huhitaji ua libaki limelowa kwa saa nyingi, kwa mvua, ukungu au umande mzito. Kama maua yalifunguka na kukaa katika ukavu mtupu, kuwa na mashaka makubwa na jibu la chule hata kama picha inafanana.

Kwa mkorosho, ongeza hili. Korosho changa yenye chule hugeuka nyeusi, husinyaa na mara nyingi hubaki imeshikilia kwenye shada. Iliyoachwa na mti huanguka ikiwa ya kijani au manjano, bila doa. Lakini mbu wa mikorosho naye hukausha shada likawa jeusi. Alama zake kwenye chipukizi laini ni madoa yaliyobonyea, marefu yenye pembe, kila moja na mahali pake, mara nyingi na utomvu. Tafuta mdudu mwenyewe asubuhi au jioni. Kuvu huingia baadaye kupitia vidonda vyake, kwa hiyo mkebe peke yake hauwezi kukuambia nani alianza.

---

MAONI

shamba_jipya: Mkuu, embe zangu zinaanguka, nipulizie dawa gani?

Mleta somo: Hatua ya 3 na ya 4. Leta majibu.

shamba_jipya: Sina muda wa mikebe, nitajie dawa tu.

Mleta somo: Hatua ya 3 na ya 4 hazina mkebe. Tunda lililoachwa na mti halirudishwi na dawa ya kuvu.

mwembe_mkubwa: Shikamoo mwalimu. Nimefuata. Katika mashada 12, saba yana nukta nyeusi mhimilini, na sita kati ya hayo ni ya chini kwa ndani. Mvua ilinyesha usiku mbili mfululizo maua yakiwa wazi. Embe zina ukubwa wa punje ya njegere. Lakini nilizookota 20, kumi na saba zina kovu safi na kiini cha kahawia, tatu tu zina doa la ngozi. Sasa ni lipi?

Mleta somo: Marahaba. Ni yote mawili, na umepima vizuri. Zile 17 zimeachwa na mti. Ukubwa huo ndio wakati wa kuangusha sana, na hakuna dawa itakayozirudisha. Lakini mashada yako saba yana chule, na kwamba yako chini kwa ndani kunaunga mkono: huko hewa haipiti, unyevu haukauki haraka, na matone yanashuka kutoka matawi ya juu. Ungehesabu embe zilizoanguka tu, ungesema mti hauna ugonjwa. Ungetazama mashada ya chini tu, ungesema zote 20 zimeuawa na chule.

Vunja mashada yaliyokauka meusi na vijitawi vilivyokufa, uvitoe shambani siku isiyo na umande. Ukipulizia, lengo ni kulinda matano yaliyobaki na matunda yaliyoshika. Mankozebu au shaba hukinga sehemu ambayo bado ni nzima, haifufui iliyokwisha kuwa nyeusi. Fuata lebo kwa kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama ukavu umerudi na nukta haziongezeki kwa siku nne au tano, acha.

korosho_tu: Mimi nilipiga salfa mara tatu na weusi unaendelea. Somo lako halijasema salfa haifai.

Mleta somo: Kwa sababu somo ni la kutambua. Salfa ni ya ubwiriunga. Kwa chule usiitegemee. Ulipitisha kidole kabla ya kupiga?

korosho_tu: Hapana.

Mleta somo: Basi hujui ulikuwa unatibu nini. Anza hatua ya 2, na utafute mbu wa mikorosho.

bustani_ya_mama: Naomba kuuliza kwa kujifunza tu. Umesema kuvu hujificha kwenye tunda lisilo na doa. Ndiyo maana embe linavunwa safi kisha madoa meusi yanatokea likiiva?

Mleta somo: Ndiyo hasa, dada. Mbegu ya kuvu humea juu ya embe bichi, huingia kidogo kwenye ngozi kisha husimama, kwa sababu ngozi ya embe bichi ina kemikali zinazomzuia. Embe likianza kuiva kinga hiyo hupungua, naye huendelea alipoachia. Kwa hiyo doa unaloliona nyumbani linaweza kuwa limeingia tangu tunda likiwa changa. Kama maembe ni ya kukaa, yazamishe mara baada ya kuvuna kwenye maji ya nyuzi 52 kwa dakika 5, kisha uyapoze. Tumia kipimajoto, si mkono, kwa sababu joto likizidi kidogo ngozi huungua. Aina za embe hazivumilii sawa, jaribu machache kwanza.

bustani_ya_mama: Asante. Na ile michirizi meusi inayoshuka kutoka kwenye kikonyo cha embe?

Mleta somo: Mara nyingi ni mbegu za kuvu zilizooshwa na maji kutoka kijitawi kilichokufa juu yake. Fuata mchirizi kwenda juu, utakikuta. Kata kwenye sehemu iliyo hai, chini ya weusi. Utomvu nao huacha mchirizi, lakini huo hung'aa, na huanzia pale kikonyo kilipovunjika.

mwembe_mkubwa: Nyongeza kwa wanaofunga uzi: tumia wa rangi kali. Mweupe nimeutafuta sana kati ya maua.

Mleta somo: Kweli. Na andika tarehe kwenye kipande cha mkanda ukibandike kwenye uzi, maana bila tarehe hutajua kama nukta zimeongezeka.