Kabla Benki Haijakufungia Akaunti: Mambo ya Kuangalia Kwenye Taarifa Zako

Ukipata ujumbe wa benki unaosema "fika tawini kuhuisha taarifa zako", nenda wiki hiyohiyo. Usingoje mwisho wa mwezi, usingoje msimu. Nayasema haya kwa sababu mwaka juzi nilikaa na mama yangu mbele ya kaunta ya benki, Wete, Pemba, fedha zake zimo ndani ya akaunti na hawezi kutoa hata shilingi, na wachumaji wa karafuu wanamsubiri barazani.

Chukua kitambulisho halisi, si kivuli peke yake. Kiwe hakijaisha muda. Barua ya sheha iwe ya karibuni na iwe na muhuri. Mfanyabiashara achukue na namba ya mlipakodi na leseni. Haya kila mtu anayajua, na ofisa atakutajia.

Namba ya simu ndiyo inayosahauliwa. Benki inakutafuta kwa namba uliyoiandika siku ya kufungua akaunti. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu huifuta, kisha huiuza kwa mtu mwengine. Mama alipoteza simu yake, akanunua laini mpya, na hakuna aliyekumbuka kwenda benki. Ujumbe wa kumtaka ahuishe taarifa ulikwenda mara tatu kwa mtu tusiyemjua. Kwa upande wa benki, mteja ameitwa na hakuitika. Ukibadilisha laini, benki iwe safari yako ya kwanza.

Watu wengi huona ni usumbufu: "Wananijua miaka kumi na tano, leo wananiuliza mimi nani?" Lakini sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha haramu, ya Tanzania Bara ya 2006 na ya Zanzibar ya 2009, hazikuridhika na benki kumjua mteja siku ya kwanza tu. Taarifa zake lazima zibaki za kweli muda wote wa uhusiano wao. Benki huwapanga wateja kwa kiwango cha hatari. Mwenye mshahara mmoja unaoingia kila mwezi anaweza kukaa miaka kadhaa bila kuulizwa, na mwenye biashara ya fedha taslimu nyingi au mwenye cheo serikalini anaulizwa mara kwa mara. Tena kuna mambo yanayoleta swali kabla ya zamu yako: kitambulisho kimeisha muda, akaunti imelala muda mrefu, au fedha zinazoingia hazifanani na kazi uliyoandika. Uliandika "mwanafunzi" na leo unapokea mamilioni ya mwani, mfumo utauliza, na una haki ya kujibu kwa risiti zako. Mwaka 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kudhibiti fedha haramu, ikatolewa Juni 2025. Tangu hapo mabenki hayataki kukutwa na faili lenye mapengo.

Sasa jambo lililotuumiza: jina.

Mama alifungua akaunti 2011 kwa barua ya sheha na kitambulisho cha zamani. Jina la babu yake liliandikwa "Khamis", kama tunavyoliandika sote hapa kisiwani. Aliposajiliwa NIDA, lilipigwa "Hamisi". Mwaka wa kuzaliwa benki uliandikwa 1958, NIDA 1956, kwa sababu hakuzaliwa hospitali na kila mwandishi alikisia lake. Miaka yote hiyo haikuwa tabu, kwani karatasi zilikaa kwenye jalada na hakuna aliyezilinganisha.

Siku ile mnunuzi wa karafuu alikwishaingiza malipo. Mama akatuma mtu kutoa, kadi ikakataa. Tukaenda tawini. Ofisa, kijana mpole, akageuza kioo chake tuone. Akaandika namba ya NIDA, na majina yakaja yenyewe kutoka kwenye kumbukumbu za NIDA pamoja na picha ya mama. Upande wa pili palikuwa na jina la benki. Mfumo ulitia alama nyekundu penye jina la tatu na penye tarehe.

"Bi mkubwa, fedha zako zipo, hazijaguswa," akamwambia. "Zinaingia, ila kutoka ndiyo zimezuiliwa. Na mimi siwezi kuigusa herufi hii kwa mkono wangu."

Alikuwa sawa. Kizuizi cha namna hii hakichukui fedha wala hakifungi akaunti moja kwa moja. Kinazuia kutoa mpaka taarifa zikubaliane. Na ofisa hana ruhusa ya kurekebisha jina kwa kuona tu kwamba sura ni ileile, kwani mwizi wa akaunti pia huja na jina linalokaribiana.

Akatupa njia mbili. Ikiwa kosa liko NIDA, lirekebishwe NIDA, na hilo linachukua muda. Ikiwa mtu ni mmoja na maandishi ndiyo mawili, apeleke hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili au mahakamani, itaje majina yote mawili na tarehe zote mbili, iseme ni ya mtu mmoja, iambatane na barua ya sheha. Tulichagua kiapo. Mara ya kwanza tulirudishwa, kwa kuwa wakili aliandika majina akasahau tarehe. Safari ya pili ilikubaliwa, lakini faili lilipelekwa makao makuu kuhakikiwa, na mama akapata fedha zake siku ya tisa. Wachumaji tuliwalipa pishi zao kwa mkopo wa jirani.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujaitwa, toa kadi ya NIDA, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na karatasi yoyote ya benki, uviweke pamoja mezani. Soma herufi kwa herufi: Ali na Ally, Mwanakhamis na Mwanahamisi, Saidi na Said. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, basi zilinganishe na tarehe iliyoko benki. Ukiona tofauti, shughulikia sasa, hali huna haja ya fedha.

Mwenye mzee anayechambua karafuu au kusuka kamba, ajue vidole vyake vinaweza kukataa kusomwa na mashine ya alama za vidole. Vioshwe, vikaushwe, vijaribiwe na vyengine. Vikikataa vyote, omba ofisa aandike hivyo, usikubali kuondoka mikono mitupu.

Fomu uliyojaza, dai nakala yenye muhuri na tarehe. Ukicheleweshwa bila sababu, andika malalamiko kwa benki yenyewe kwanza, na usiporidhika unaweza kuyapeleka Benki Kuu ya Tanzania. Mtu akikupigia simu akitaka namba ya siri au namba iliyokuja kwenye ujumbe ili "akuhuishie" taarifa, kata simu. Usimtumie picha ya kitambulisho mtu usiyemjua. Na siku ukiambiwa kizuizi kimeondolewa, usitoke tawini kwanza. Jaribu kadi kwenye mashine pale nje, jaribu na huduma ya simu, kwa maana akaunti, kadi na huduma ya simu havifunguki pamoja kila mara: ya mama akaunti ilifunguka Jumanne, kadi ikafunguka Alhamisi.