Andika mwaka wa kuzaliwa, si umri

Unapohariri rasimu ya riwaya, usijaribu kukumbuka umri wa wahusika. Pitia mswada mzima kwa kutafuta neno "miaka", kisha "umri", na kila unapolikuta geuza umri huo uwe mwaka wa kuzaliwa. Uandike kwenye karatasi ya pembeni pamoja na namba ya sura.

Tuseme sura ya 2 ni mwaka 1998 na Zena ana miaka 19, hajawahi kuzaa. Amezaliwa 1979, au 1978 kama siku yake ya kuzaliwa bado haijafika. Sura ya 11 ni mwaka 2014, na mwanawe wa kumzaa anatimiza miaka 20. Basi huyo kijana alizaliwa 1994, miaka minne kabla ya sura inayosema Zena hajawahi kuzaa! Ukizisoma sentensi hizo mbali mbali, hakuna inayokushtua. Zikikaa pamoja kwenye karatasi, kosa linajitokeza lenyewe. Tofauti ya mwaka mmoja isikusumbue. Ikizidi hapo, kuna sura ya kurekebisha.

Tafuta pia "baadaye", "mwaka jana" na "tangu", maana ukihamisha sura, maneno haya hubaki yakihesabu kutoka mahali pa zamani.

Majina nayo? Ukibadili Salma kuwa Zena kwa kompyuta, jina la utani "Sale" halitaguswa. Hilo litafute peke yake.