SOMO: Bili moja ya maji, wapangaji sita. Jinsi ya kuhakiki fungu la kila mmoja

Wiki hii nimeulizwa mara tano: "Dada, bili imekuja kubwa, tunagawaje?" Naandika hapa mara moja, ili atakayeuliza tena aje asome.

Mimi ni mpangaji Ipagala, Dodoma, na ni mwaka wa nne sasa nakusanya hela za maji kwenye nyumba yetu. Tuko kaya sita, mita ya DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, ni moja getini, na kila kaya ina mita yake ndogo ambayo tulinunua na kufungiwa na fundi bomba. DUWASA wanaijua mita ya getini tu. Jina kwenye akaunti ni la mwenye nyumba, na bili isipolipwa wanakata nyumba nzima, hata wewe uliyelipa fungu lako mapema.

1. Jua uniti ni nini. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20.

2. Soma tarakimu nyeusi na nyekundu. Nyeusi ni uniti kamili. Nyekundu ya kwanza ni lita mia mia, inayofuata ni lita kumi kumi. Kwa mita ndogo andika na nyekundu ya kwanza, maana kaya ya mtu mmoja inaweza kutumia uniti 3 na kitu, na hicho "kitu" ni hela.

3. Soma mita zote siku moja, saa moja, na iwe siku ambayo msoma mita amesoma ile ya getini.

Hapa ndipo nilipoharibu, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Mwezi wa saba msoma mita alipita tarehe 14. Meseji ya bili ikaingia tarehe 21, na mimi nikatoka na daftari siku hiyo hiyo ya meseji kusoma mita ndogo. Getini bili ilisema uniti 36, za ndani zikajumlisha 42. Nikadhani mita ndogo zinakimbia, nikapunguza za kila mtu kwa uwiano, tukalipa.

Mwezi wa nane nikawahi, nikasoma tarehe 14 pamoja na msoma mita. Getini uniti 37, ndani 27. Uniti 10 hazina mwenyewe! Tukakaa kikao uani, na macho yote yakaenda kwa mama wa chumba cha nne anayepika chakula cha kuuza. Ikasemwa anachota bomba la uani usiku. Alibishana, akachoka, akalipa uniti zote 10 peke yake.

Nilikuja kuelewa mwezi wa tisa nilipozipanga tarehe kwenye karatasi moja. Zile siku 7 kati ya tarehe 14 na 21 nilikuwa nimezihesabu ndani ya mwezi wa saba, wakati getini zilikuwa za mwezi wa nane. Kwa nyumba yetu siku 7 ni kama uniti 8. Kwa hiyo kati ya zile 10, uniti 8 zilikuwa kosa langu la tarehe, na 2 tu ndizo za bomba la uani tunalotumia wote. Nilimrudishia hela yake na nikamwomba radhi mbele ya wale wale waliokuwa kwenye kikao.

Kwa hiyo angalieni haya:
- Usifuate tarehe ya meseji. Kwenye bili kuna usomaji uliopita na wa sasa wa mita kubwa. Linganisha na daftari lako.
- Kama hukuwepo msoma mita alipopita, soma zote jioni hiyo hiyo, na ya getini pia. Ukiona ya getini imeshapita namba ya kwenye bili, tofauti hiyo ni ya mwezi ujao.
- Piga picha kila mita, na tarakimu zionekane. Futa kioo kwanza, vumbi letu hili linageuza 3 kuwa 8.
- Usimtaje mtu yeyote kabla hujakagua tarehe.

4. Tafuta bei ya wastani. Chukua jumla ya bili, gawa kwa uniti za getini. Toa kwanza deni la nyuma kama lipo, hilo lina wenyewe. Nafanya wastani kwa sababu bei ikiwa ya ngazi, yaani uniti zikizidi bei inapanda, matumizi yetu yote yanaingia kwenye akaunti moja na kupanda ngazi pamoja, na hakuna wa kusema uniti zake ndizo zile za bei ya chini.

5. Gawa. Huu ni mwezi wetu mmoja. Getini ilitoka 1,412 ikafika 1,450, yaani uniti 38. Bili sh. 72,200, kwa hiyo wastani ni sh. 1,900. Mita ndogo zilisoma 6.2, 4.1, 9.0, 3.4, 5.3 na 7.5, jumla 35.5. Pengo ni uniti 2.5, sawa na sh. 4,750. Hilo tunaligawa sawa kwa kaya sita, sh. 792 kila kaya.

Mwenye 9.0 analipa 17,100 na 792, jumla 17,892. Mwenye 4.1 analipa 7,790 na 792, jumla 8,582. Jumlisha mafungu yote sita, lazima irudi kwenye 72,200 (shilingi mbili zinazozidi ni za kukadiria senti). Isiporudi, usikusanye hela, rudia hesabu.

6. Angalia pengo. Sisi likizidi sehemu moja ya kumi ya uniti za getini tunatafuta uvujaji. Siku ambayo maji yanatoka, wote mfunge mabomba, na koki ya kuingia tenki pia ifungwe. Tazama kile kinyota kidogo kwenye uso wa mita ya getini. Kikizunguka, maji yanapita. Sasa funga koki iliyo baada ya mita: kikisimama, uvujaji uko ndani ya kiwanja. Usifanye zoezi hili siku ya mgao, maana bomba likiwa tupu kinyota kinasimama hata kama limepasuka.

7. Bandika ukutani picha ya bili na hesabu yote, siyo fungu tu. Kila mtu ajikagulie.

---

MASWALI

Kaka wa Nkuhungu: Kwa hiyo mkiwa sita mnagawa kwa sita tu?

Mwandishi: Hapana. Soma hatua ya 5.

Kaka wa Nkuhungu: Nimesoma, ila naona kugawa sawa ni rahisi zaidi.

Mwandishi: Ni rahisi kwa anayetumia uniti 9. Wa 3.4 atakuwa analipia maji ya mwenzake kila mwezi. Kinachogawanywa sawa ni pengo peke yake.

Mama Neema, Chang'ombe: Dada, sisi hatuna mita ndogo na mwenye nyumba hataki bomba lake likatwe. Tunaweza kuhakiki?

Mwandishi: Kuhakiki kwa uniti hamwezi, ila mnaweza kugawa kwa haki kidogo. Hesabuni siku za watu. Kaya ya watu 4 waliokaa siku zote 30 ni 120. Mtu mmoja aliyesafiri siku 10 ni 20. Jumlisheni za kaya zote, bili igawanywe kwa jumla hiyo, kisha kila mmoja azidishe na siku zake. Wanaofua nguo za watu au kupika biashara muelewane nao pembeni kabla ya mwezi kuanza, siyo baada ya bili. Na mita ya getini msomeni wenyewe kila Jumapili, mtaona wiki ipi imeruka.

Fundi Mdogo: Naomba kuelewa, dada. Tumefuata tarehe vizuri, hakuna uvujaji, bomba la uani tumelifunga kabisa, lakini pengo la uniti moja na nusu halitoki. Mita ndogo zote mpya. Linatoka wapi?

Mwandishi: Swali zuri sana, mdogo wangu. Maji yenu yanapitia tenki kwanza?

Fundi Mdogo: Ndiyo, lita 2,000, lipo juu ya mnara.

Mwandishi: Basi kuna mambo mawili. La kwanza, mita ya getini inahesabu maji yanapoingia tenki, mita ndogo zinahesabu yanapotoka. Mkisoma mwezi huu tenki likiwa tupu na mwezi ujao likiwa limejaa, hapo kuna uniti 2 zimekaa juu, hajazitumia mtu. Someni tenki likiwa katika kina kile kile, au andikeni kina chake pembeni ya usomaji.

La pili ni mita yenyewe. Ina kiwango cha chini cha maji ambacho chini yake haizunguki. Bomba linalodondosha tone tone, au choo kinachovuja uzi mwembamba, maji yake yanapita bila kuandikwa. Maji ya mnara mfupi nayo yana msukumo mdogo, kwa hiyo inatokea mara nyingi. Jipime: jaza ndoo tano za lita 20 kwa bomba lililofunguliwa wazi, nyekundu ya kwanza isogee moja. Kisha jaza tano nyingine kwa uzi mwembamba kabisa. Isiposogea kamili, umepata jibu. Ila ndoo zetu zikijazwa hadi ukingoni huzidi lita 20, kwa hiyo pima kwanza kwa chupa ya lita moja na nusu, uweke alama.

Fundi Mdogo: Nimefanya. Wazi imesogea sawasawa, ya uzi haikufika hata nusu! Na chumba kimoja kweli koki inadondosha.

Mwandishi: Badilisheni mpira wa hiyo koki. Pengo litapungua, na huyo jirani mita yake itaanza kusema ukweli.

Mzee wa Makole: Mita ya kijana wangu imesimama tangu bomba la mtaani lilipopasuka. Anasema hajatumia maji.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Bomba likipasuka na kutengenezwa, maji ya kwanza huja na mchanga. Fundi afungue kiungio cha mita ndogo, kwenye tundu la kuingilia kuna kichujio, kisafishwe. Chumvi ya maji yetu ya Dodoma nayo huganda humo. Kwa mwezi huu mumwekee wastani wa miezi yake mitatu iliyopita. Ya getini msiiguse, hiyo ina lakiri.

Mzee wa Makole: Marahaba binti. Na upepo je? Maji yakirudi baada ya mgao mita inazunguka kwa kelele.

Mwandishi: Ni kweli mzee, hewa ikipita kwa kasi inazungusha mita. Ila lazima ipate pa kutokea. Mabomba yakifungwa wakati wa mgao, haipiti. Wanaoacha koki wazi ili wasikie maji yakirudi ndio wanaoilipia.

Jirani wa UDOM: Anahama mtu katikati ya mwezi. Bili bado.

Mwandishi: Soma mita yake siku anayokabidhi ufunguo, mbele yake, mpige picha. Zidisha uniti zake kwa bei ya wastani ya mwezi uliopita, weka na pengo la mwezi uliopita kulingana na siku alizokaa. Alipe kabla gari la mizigo halijatoka, umwandikie risiti. Anayeingia aanzie namba hiyo hiyo.