Karanga za Maganda au Zilizobanguliwa: Namna ya Kuzihifadhi Kando ya Ziwa

Ganda la karanga ni ghala la kwanza, na kwa mkulima wa Misungwi, Magu au Ukerewe, kando ya Ziwa Victoria, ndilo ghala rahisi kuliko yote. Likiwa zima, huzuia punje isipasuke na hupunguza kasi ya unyevu na wadudu kuifikia. Punje iliyobanguliwa imekwisha kupoteza kinga hiyo, na mara nyingi ngozi yake nyekundu huchubuka wakati wa kubangua, hivyo kuvu hupata mahali pa kuingilia na mafuta yake huanza kuchacha mapema. Hasara ya kuhifadhi na maganda ni nafasi: karanga za maganda hujaza chumba ambacho punje zake zingekaa katika kona moja.

Jambo linaloharibu karanga nyingi, hata zile zilizoanikwa vizuri, ni desturi ya kunyunyizia maganda maji ili yalainike na vidole visiumie wakati wa kubangua. Maji hayo hayaishii kwenye ganda. Hupenya hadi kwenye punje iliyokuwa imekauka, kisha punje hiyo yenye majimaji hufungwa ndani ya gunia. Baada ya siku chache kuvu huota na huweza kutoa sumukuvu. Kwa hiyo karanga zibanguliwe zikiwa kavu, kwa mashine ya mkono ikiwa kijiji kinayo, na ikiwa hakuna mashine basi zibanguliwe kidogo kidogo, hata kama kazi itachukua jioni kadhaa.

Tuchukue familia yenye kilo 120 za karanga za maganda zilizokauka mwishoni mwa Juni. Kilo 20 za mbegu zibaki katika maganda mpaka wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Kilo 40 za kula nazo zibaki na maganda, zikibanguliwa kwa mahitaji ya wiki mbili tu. Kilo 60 zilizobaki, ambazo hutoa takribani kilo 40 za punje, ndizo zibanguliwe kwa ajili ya kuuza, nazo zitiwe katika mfuko usiopitisha hewa wenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia moja. Hewa isukumwe nje, kila mfuko usokotwe mdomo, ukunjwe na kufungwa peke yake. Sipendekezi kutia karanga za maganda humo, kwa kuwa ncha za maganda zinaweza kutoboa plastiki. Hizo zikae katika magunia ya katani juu ya chaga, mbali na ukuta, kwa maana upepo wa ziwani huleta unyevu na sakafu ya udongo huupandisha.

Mfuko usiopitisha hewa haukaushi kitu. Ukifungia punje mbichi, unafungia na unyevu wake. Kabla ya kubangua, tikisa ganda karibu na sikio: punje zinapaswa kulia ndani. Kisha, kabla ya kufunga mfuko, vunja punje kati ya vidole. Iliyokauka hukatika kwa mlio, na ile inayopinda kwanza irudi juani juu ya turubai, baada ya umande wa asubuhi kukauka.

Katika kukagua, usitosheke na punje za juu. Ingiza mkono hadi katikati ya gunia na usikie kama kuna joto au harufu ya uvundo. Chukua punje kadhaa, uzipasue katikati, kwa sababu kuvu hupenda kujificha katika uwazi ulio kati ya nusu mbili, ambapo huonekana kama vumbi la kijani, la manjano au la kijivu ilhali ngozi ya nje ni safi. Tundu la duara kwenye ganda huonyesha kuwa mdudu amekwisha kutoka, na punje ya ndani haifai. Ondoa pia zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizovunjika. Hata hivyo macho yana mpaka: sumukuvu haina rangi ya kuonekana wala ladha ya kuaminika, na kuikaanga karanga hakuimalizi. Zilizotupwa zisipewe kuku, wala ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Karanga zilizokaangwa nazo hupata unyevu na kulainika, ila kwa sababu nyingine. Zikifungwa zikiwa na joto, mvuke wake hugeuka maji ndani ya chombo. Zitandaze kwenye sinia mpaka zipoe kabisa, kisha zitie katika chupa ndogo kavu zenye kifuniko kinachobana, zijae hadi juu. Chupa ndogo nne ni bora kuliko ndoo moja, maana kila ndoo inapofunguliwa, hewa ya unyevu huingia. Zikilainika bila harufu mbaya, dakika chache katika sufuria kavu juu ya moto mdogo huzirudishia ukavu wake. Zikinuka kama mafuta ya zamani, zimechacha, na moto hauwezi kuzirudisha.