Jina la kifurushi liseme mteja anaongezewa nini

Ukiviita vifurushi vya programu yako Shaba, Fedha na Dhahabu, mteja atajua kipi ni ghali, ila hatajua anaongezewa nini. Tafuta kwanza kinachomfanya mtu ahame kifurushi, ukiweke kwenye jina. Kwa programu ya mahesabu ya duka, mara nyingi ni watu na matawi: Mwenyewe, Na Wauzaji, Na Matawi. Neno “bure” liweke kwenye bei ya Mwenyewe, tena kama kweli hakina kikomo cha muda. Kikiisha baada ya siku 14, kiite Jaribio la Siku 14. Kisha waonyeshe wenye maduka majina matupu, bila bei, uwaulize wangechukua kipi. Wakisita, badilisha majina kabla hujagusa bei.