Mtaro umeziba, umwendee nani? Hatua kwa hatua ndani ya serikali ya Dar es Salaam

Shangazi yangu anaishi Mbagala. Mtaro ulio mbele ya nyumba yake uliziba, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka sebuleni. Alichonga barua nzuri akaipeleka kwa Meya wa Jiji. Huko wakaipokea kwa heshima, wakamweleza kwamba amekosea mlango. Nilipokaa naye kupanga upya tukaona heri niandike njia nzima, maana majirani zake nao walikuwa wanauliza yale yale. Mfano wangu ni mtaro, lakini taka, soko au zahanati vinapita njia hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Jua uko halmashauri gani

Hapa ndipo shangazi alipopotelea, na hakuwa peke yake. Dar es Salaam kama mkoa ina halmashauri 5: Jiji la Dar es Salaam, na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Zamani kulikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyokaa juu ya manispaa zote. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa ndiyo Jiji. Kwa hiyo Meya wa Jiji la Dar es Salaam leo ni meya wa eneo la Ilala tu: Kariakoo, Buguruni, Ukonga, Gongo la Mboto na kwingineko huko. Mbagala iko Temeke, na Temeke ina meya wake. Hakuna meya wa Dar es Salaam nzima.

Ukiwa na shaka, angalia jina la halmashauri kwenye leseni ya biashara ya duka la karibu. Hilo halidanganyi.

Hatua ya 2: Tenga waliochaguliwa na walioajiriwa

Kila ngazi ina watu wawili wanaofanana kwa mbali. Mtaani kuna mwenyekiti wa mtaa, ambaye wakazi walimchagua (mara ya mwisho ilikuwa 27 Novemba 2024), na kuna mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Kwenye kata kuna diwani wa kuchaguliwa na mtendaji wa kata wa kuajiriwa. Juu kabisa kuna meya na mkurugenzi. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake kutoka miongoni mwao, naye ndiye anayeongoza vikao vya Baraza la Madiwani. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, ndiye katibu wa baraza, na ndiye afisa masuuli, yaani fedha za halmashauri hazitoki bila yeye.

Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa huwezi kuwapigia kura. Wote ni wateule wa Rais. Wana nguvu, wakifika mahali na kamera watu hukimbia, lakini bajeti ya halmashauri haipitishwi mezani kwao.

Na balozi wa nyumba kumi, yule tunayemwita mjumbe? Huyo ni kiongozi wa chama, si wa serikali ya mtaa. Anaweza kukusuluhisha na jirani, anaweza hata kukusindikiza ofisini. Mtaro hauko kwenye mamlaka yake.

Hatua ya 3: Jua hicho kitu ni cha nani

Sehemu hii inakula muda kuliko nyingine zote, na ndiyo inayofanya watu waseme serikali inawazungusha. Ukweli ni kwamba mara nyingi kila afisa anayekukatalia anasema kweli: kitu chenyewe si chake.

Watu wengi wanadhani barabara za mtaani ni za halmashauri. Zilikuwa. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulio chini ya TAMISEMI, wenye meneja wake katika kila wilaya. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Mtaro uliojengwa pamoja na barabara humfuata mwenye barabara. Kwa hiyo mtaro wa pembeni mwa Barabara ya Kilwa ni habari ya TANROADS, na ule wa barabara ya lami inayoingia mtaani ni wa TARURA. Ukienda mita chache tu, mwenye mali kabadilika.

Haijaisha. Kama kilichojaa ndani ya mtaro ni taka ngumu, yaani chupa, mifuko na maganda, kuzoa taka ni kazi ya halmashauri, kupitia idara yake ya usafi na mkandarasi iliyempa eneo hilo. Kama ni majitaka yanayotoka kwenye bomba lililopasuka, hilo ni la DAWASA. Kama si mtaro wa kujengwa bali ni kijito kinachokula kingo, utaisikia Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ikitajwa. Na kama ni mfereji uliochimbwa na wenye nyumba wenyewe kati ya viwanja viwili, basi ni jambo la mtaa: mwenyekiti anaita wahusika, mnaamua nani anachimba na nani anatoa mawe.

Tulipokwenda kuutazama wa shangazi, kwa juu ulikuwa umejaa taka, na kila mtu alishaukatia tamaa kama tatizo la taka. Vijana walipotoa tabaka la juu tukaona mchanga umeganda hadi usawa wa zege, na kalvati la kuvukia barabara limebonyea upande mmoja. Maji yalikuwa yanagonga hapo na kurudi nyuma. Taka zilikuwa zinakwama kwa sababu maji hayatembei. Wangekuja wazoa taka kila wiki, mvua ya kwanza tu tungerudi pale pale. Kalvati ni la barabara, na barabara ni ya TARURA.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno lolote, nenda kauangalie mtaro mvua ikiwa imekata, maji yakiwa bado yamesimama. Ufuate kuelekea maji yanakotakiwa kwenda mpaka uone mahali ambapo upande mmoja kumejaa na upande wa pili kumekauka. Hapo ndipo penye tatizo, na mwenye hapo ndiye mtu wako. Piga picha mbili, moja ya karibu na moja inayoonyesha nyumba au nguzo ya kutambulisha mahali. Kisha muulize mtendaji wa kata swali moja tu: "Barabara hii iko chini ya TARURA au TANROADS?" Usimuulize nani atarekebisha, maana hapo atakujibu kwa matumaini. Muulize ni ya nani.

Angalizo moja: TARURA kuwa na barabara hakumtoi diwani kwenye hesabu. Vipaumbele vya barabara za kata hupitia kwa madiwani, na meneja wa TARURA huitwa kwenye baraza kueleza kazi zake. Ndiyo maana hatua zinazofuata bado zina maana hata kama mali si ya halmashauri.

Hatua ya 4: Iingize kwenye muhtasari wa mtaa

Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Mwenyekiti ndiye huuongoza, na mtendaji wa mtaa ndiye huandika. Kinachobaki baada ya mkutano ni muhtasari, na jambo lisilokuwemo humo ni kama halikusemwa, hata ungepigiwa makofi.

Usisubiri "mengineyo". Mengineyo huja jua limezama na watu wanafungasha viti. Mfuate mwenyekiti siku chache kabla, mwombe jambo lako liwe ajenda, na umpe mtendaji sentensi iliyokwisha kuandikwa ili asiifupishe kuwa "wananchi walilalamikia mitaro". Ya shangazi ilikuwa hivi: "Mkutano umeazimia kuiomba Kamati ya Maendeleo ya Kata iwasilishe TARURA ombi la kubadilisha kalvati lililobonyea, kwa kuwa linarudisha maji kwenye makazi." Ina anayeombwa, kinachoombwa na sababu. Hakikisha watu wamesaini daftari la mahudhurio, kisha omba nakala ya ukurasa ule.

Kundi la WhatsApp la mtaa ni zuri kwa kuitana. Kwa kudai, hapana. Mimi bado naamini karatasi: barua nakala mbili, moja inabaki ofisini, nyingine inarudi nyumbani ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri ule, ukirudi mwezi ujao utaambiwa "barua ipi, mama?"

Hatua ya 5: Kata

Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani, katibu wake ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe. Maana yake mwenyekiti wako ana kiti pale na anashindana na wenzake wenye mitaro yao. Mpe picha zile mbili aende nazo. Peleka pia nakala ya barua kwa diwani mwenyewe. Madiwani walichaguliwa 29 Oktoba 2025, na orodha za mtandaoni mara nyingine hubaki na majina ya zamani, hivyo ulizia ofisi ya kata.

Hatua ya 6: Baraza la Madiwani

Hukutana walau kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Huongei. Unakaa nyuma, simu imezimwa mlio. Siku ya kwenda ni ile ya taarifa za kata, ambapo kila diwani huwasilisha ya kwake. Ukisikia kalvati lako limetajwa, andika tarehe. Lisipotajwa, msubiri diwani mlangoni na umuulize kwa upole. Akishakuona umekaa mle ndani saa zote zile atakukumbuka.

Hatua ya 7: Wahi bajeti

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini mipango hukusanywa kuanzia mitaani miezi mingi kabla, na kufikia Machi makadirio ya halmashauri huwa yamekwisha kupita barazani. Ombi la Aprili, mafuriko yakiwa magotini, mara nyingi litapata kazi ya dharura: kuzibua, si kujenga. Kama unataka kalvati jipya, muhtasari wa mtaa uwe umefika kata kabla ya Desemba. Kama unataka kuzibuliwa tu, nenda moja kwa moja kwa meneja wa TARURA wa wilaya ukiwa na picha na barua yenye muhuri wa mtendaji wa kata.

Shangazi amepata vyote viwili kwa karatasi tofauti: mchanga ulizolewa kabla ya vuli, na ombi la kalvati limo kwenye orodha ya vipaumbele vya kata, nafasi ya tatu, nyuma ya daraja la waenda kwa miguu na barabara ya kuingilia zahanati. Amekubali daraja. Kuhusu barabara ya zahanati bado anabishana na mwenyekiti wa mtaa wa pili.